"Utoro wa mara kwa mara" si shtaka

Barua niliyoonyeshwa wiki iliyopita pale Mafinga ina sentensi mbili tu: "Unatuhumiwa kwa utoro wa mara kwa mara. Unatakiwa kufika kwenye kikao cha nidhamu kesho saa tatu asubuhi." Mhuri, sahihi, kwaheri. Aliyeandikiwa ni kijana anayelisha magogo kwenye kiwanda cha mbao ambacho sitakitaja. Alikabidhiwa Ijumaa saa kumi jioni, akiwa bado na vumbi la mbao kichwani. Jumamosi, kabla hata chai ya saa nne haijanywewa, hakuwa na kazi.

Nilipomuuliza mmoja wa mabosi wa hapo, mtu ninayefahamiana naye, akanijibu: "Kaka, mtoro ni mtoro. Hicho kikao chenyewe tulimfanyia hisani." Hisani! Kama vile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitungwa kwa ajili ya watu wenye roho nzuri tu.

Niseme mapema ili wenye viwanda wasianze kunipigia simu: utoro unaumiza. Mtu asipotokea kwenye mashine, wenzake ndio wanaobeba gogo lake, na bonasi ya zamu nzima inaondoka naye. Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa muda wa kutosha kujua kwamba wanaomlalamikia mtoro kwa sauti kubwa zaidi ni wafanyakazi wenyewe. Haya, hilo nimewapa. Sasa turudi kwenye barua.

"Mara kwa mara" ni lini? Hilo ndilo swali ambalo barua ilipaswa kulijibu, na ndilo lililonifanya niandike haya. Tuliketi na kijana, daftari mkononi, tukazitafuta siku zenyewe. Zikapatikana tano: Jumatatu mbili za Aprili, Alhamisi moja ya Mei, na siku mbili zinazofuatana za Juni. Ukizisoma kwa mkupuo ni siku tano na mtu anaonekana mtoro sugu. Ukizisoma moja moja, ni habari tatu tofauti kabisa.

Zile Jumatatu za Aprili hana la kusema, na mwenyewe anakiri alikuwa kijijini kwao na hakuaga. Lakini kwa siku hizo alishapewa onyo la maandishi mwezi uleule, akalitia sahihi. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kosa moja mara mbili. Onyo lile lina kazi yake: linawekwa mezani mwishoni, wakati wa kupima adhabu, kuonyesha kwamba alishaambiwa. Kulirudisha kama shtaka jipya ni kujaza gunia kwa pumba.

Alhamisi ya Mei ndiyo iliyonipandisha presha. Mtoto wake alikuwa na homa usiku kucha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alimtumia msimamizi wa zamu ujumbe: "Bosi shikamoo, mtoto anaumwa sana nampeleka zahanati naomba ruhusa leo." Msimamizi akajibu neno moja: "Sawa." Ujumbe upo kwenye simu hadi leo, na karatasi ya zahanati yenye tarehe ipo. Sheria yenyewe inampa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo, na kuugua kwa mtoto ni mojawapo ya sababu zilizotajwa. Kwenye daftari la mahudhurio, siku hiyo imeandikwa U kwa wino mwekundu. U ya utoro. Msimamizi aliyesema "Sawa" ndiye aliyeiandika.

Zimebaki siku mbili za Juni. Msiba wa baba yake mdogo, huko Makete. Hapa sheria yetu na mila zetu zinapishana njiani bila kusalimiana: likizo hiyo ya siku nne inagusa msiba wa mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu na bibi, mjukuu. Baba mdogo hayumo. Huku kwetu baba mdogo ni baba, na asiyeshinda msibani atazikwa na nani? Lakini hakuomba ruhusa, alimwambia tu mwenzake "nifikishie salamu kwa bosi". Kwa siku hizo mbili, mwajiri ana hoja. Ana hoja ya kweli, kwa mtu ambaye tayari ana onyo.

Kwa hiyo kesi iliyobaki ni siku mbili na onyo moja nyuma yake. Mwongozo ulioambatanishwa na kanuni za utendaji bora za 2007, zile za Tangazo la Serikali namba 42, unapotaja utoro mzito wa kumfukuzisha mtu unazungumzia zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika. Mwenyekiti wa haki angefika kwenye onyo la mwisho. Angeweza hata kulipigia msumari. Lakini ili afike huko, shtaka lilipaswa kutaja kila tarehe, ushahidi wa kila tarehe ukaletwa mezani, na kijana akapata nafasi ya kumuuliza msimamizi mbele ya watu: "Bosi, hii 'Sawa' uliniandikia wewe au siyo?" Bila tarehe, atajiandaaje? Atabeba simu gani, karatasi ipi, shahidi yupi?

Mengine nayapitia haraka. Muda: kanuni zinataka si chini ya saa 48 za kujiandaa, na kutoka Ijumaa jioni hadi Jumamosi asubuhi ni usingizi mmoja. Wangesubiri Jumatatu tu, wangekuwa salama kwa hilo. Mwakilishi: ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama, na huyo haji kuwa pambo la kiti. Kijana aliambiwa "utajitetea mwenyewe, mdomo unao". Mwenyekiti: anatakiwa awe mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na kisa chenyewe. Aliyekaa pale ni yuleyule aliyesaini barua ya tuhuma.

Na uamuzi? Kijana anasema walipomaliza kumsomea, mwenyekiti alifungua faili akatoa barua ya kuachishwa kazi ikiwa imeshachapwa. Nimeiona. Ina tarehe ya Ijumaa.

Barua ya uamuzi inayosimama husema ni siku zipi zimethibitika na zipi zimeanguka, na kwa nini. Husema mfanyakazi alijitetea vipi kabla ya adhabu kupangwa, maana baada ya kukutwa na kosa ana haki ya kuomba apunguziwe. Humkumbusha pia kwamba anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ile ya Mafinga inasema "uongozi umeamua", kisha inadai arudishe glavu na kofia ngumu.

Pale Tume ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Ninatamani kumwona bosi wangu wa hisani akiieleza ile tarehe ya Ijumaa. Kijana ana siku 30 tangu aachishwe, fomu ya Tume ya kufungulia mgogoro, CMA F.1, tumeshaijaza, na Jumatatu tunapanda basi la Iringa kuipeleka. Simu yenye ile "Sawa" nimemwambia asimwazime mtu.