Baiskeli ya Asilimia 68

Mjomba wangu, mnunuzi wa dagaa wa Kigoma ambaye hesabu zake za ghala ninazitunza mimi, alikuwa amemwahidi mjukuu wake aliyeko Uvira nchini Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwamba akipata asilimia 60 katika muhula wa kwanza atanunuliwa baiskeli mpya. Nilipoitwa nyumbani kwake ili, kwa maneno yake, "niyape matokeo muhuri," baiskeli ilikuwa imekwisha kununuliwa, imefungwa maboksi kwenye fremu na kuandikiwa jina la mtoto, na majirani walikuwa wanamalizia soda za pongezi.

Ushahidi wote wa sherehe hiyo ulikuwa picha moja ya karatasi ya matokeo iliyotumwa kwa simu. Kijana ndiye aliyeipiga mwenyewe, na alikuwa ameichagulia rangi nyeusi na nyeupe kama hati ya kale. Karatasi ilikuwa na mkunjo uliopita katikati ya mstari wa Hisabati, na chini kabisa, mahali ambapo shule huandika jumla ya pointi na asilimia, palikuwa pamelala kidole gumba. Mjomba alisema mtoto alikuwa anaishikilia karatasi isipeperushwe na upepo wa ziwani. Mimi sikutia neno, ila niliona kwamba upepo huo ulikuwa umechagua mahali pake kwa uangalifu mkubwa.

Kwa kuwa asilimia haikuonekana, Mjomba alikuwa ameitafuta mwenyewe kwa kikokotoo, na kila hatua yake peke yake ilikuwa sahihi. Alichukua masomo yote 12, akageuza kila moja kuwa asilimia, akajumlisha, akagawanya kwa 12, akapata 68. Kwa ripoti za shule alizozizoea hapa Tanzania, ambako kila somo huwa na alama za juu zilezile, njia hiyo haina dosari. Lakini karatasi ya Kongo haikupangwa hivyo. Masomo yake hukaa kwa makundi, na juu ya kila kundi kuna mstari ulioandikwa MAXIMA, unaotaja pointi za juu kabisa ambazo somo la kundi hilo linaweza kutoa. Mjomba alidhani MAXIMA ni jina la mwalimu, akashangaa kidogo kwamba mwalimu mmoja anafundisha kila kitu.

Katika karatasi ile, masomo matano madogo, yakiwemo Dini, Uraia na Michezo, yalikuwa na pointi 10 kwa kila kipindi cha tathmini. Muhula una vipindi viwili na mtihani, na mtihani huhesabiwa mara mbili ya kipindi, kwa hiyo kila somo dogo lilifikia 40 kwa muhula mzima. Masomo matano ya kati, kama Historia na Jiografia, yalikuwa na 20 kwa kipindi, yaani 80 kwa muhula. Hisabati na Kifaransa zilikuwa na 50 kwa kipindi, yaani 200 kila moja. Kwa maneno mengine, Hisabati peke yake ilikuwa na uzito sawa na Dini, Uraia, Michezo na wenzao wawili kwa pamoja.

Hapo ndipo kijana alipokuwa ameanguka kwa ustadi. Katika masomo madogo alikuwa bingwa, kwani alikusanya pointi 170 kati ya 200, na Michezo peke yake ilimpa 36 kati ya 40. Katika ya kati alipata 240 kati ya 400. Kifaransa kilimpa 96 kati ya 200. Hisabati ilimpa 84, au pengine 94, kwa sababu mkunjo ulikuwa umeimeza tarakimu ya kwanza.

"Mjomba," nikamwambia, "ukinunua magunia matano madogo ya dagaa kwa bei ya juu, na mawili makubwa kwa bei ya chini, utaitafutaje bei ya kilo moja?"

"Nitajumlisha fedha zote nilizotoa, nigawanye kwa kilo zote," akajibu, kisha akanyamaza, akaitazama baiskeli.

Kazi ikabaki kuwa ndogo sana, maana katika karatasi ya namna hii hakuna haja ya kugeuza somo lolote kuwa asilimia. Unajumlisha pointi zote alizopata mtoto, unajumlisha maksima zote, unagawanya mara moja tu, na uzito wa kila somo umekwisha kuingia wenyewe. Maksima zilikuwa 200, 400 na 400, jumla 1,000. Pointi, kama Hisabati ni 84, zilikuwa 590, yaani asilimia 59. Kama Hisabati ni 94, zilikuwa 600, yaani asilimia 60 kamili bila chembe ya ziada. Baiskeli nzima ilikuwa imening'inia kwenye mkunjo wa karatasi. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa njia ya Mjomba tarakimu hiyo haikuwa na maana yoyote, kwani 84 na 94 zote zilimpa takriban 68.

Niliufuata mstari wa Hisabati kwa upana. Kipindi cha kwanza alipata 19, cha pili 23, jumla 42, kwa hiyo mtihani ulipaswa kuwa 42 au 52 kati ya 100. Tarakimu ya kwanza ya mtihani nayo ilikuwa ndani ya mkunjo uleule. Mjomba akaikuza picha mpaka ikawa vigae vya kijivu, akaapa kwamba anauona mkia wa tano. Jirani aliyekuwa bado na chupa mkononi akamuunga mkono, na nadhani soda ilichangia katika uoni wake.

Rangi ndiyo iliyoamua. Katika shule hizo alama iliyo chini ya nusu huandikwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo 52 ingekuwa ya buluu au nyeusi na 42 ingekuwa nyekundu, na sasa nikaelewa kwa nini picha ilitumwa bila rangi. Nikamwomba dada mdogo wa kijana aipige upya, aitume kama faili ili simu isiibane, na asiweke kidole popote. Alitii kwa furaha ambayo ndugu pekee huwa nayo. Mstari wa Hisabati ulikuwa mwekundu mwanzo hadi mwisho, na chini, pasipo kidole, paliandikwa 590 na 59.

Kijana alipopigiwa simu alijitetea kwamba 59 ikikadiriwa kwa makumi ni 60.

"Na mimi nikikuletea kilo 590 utanilipa za 600?" Mjomba akamuuliza.

Hata hivyo hakutaka kuirudisha baiskeli dukani mbele ya majirani waliokunywa soda zake. Akafungua kiti chake kwa spana, akakiweka kabatini, akaagiza iliyobaki ipakiwe kwenye boti. Nikamweleza kijana kwamba muhula wa pili nao una maksima 1,000, kwa hiyo ili mwaka mzima ufikie asilimia 60 anahitaji 1,200 kati ya 2,000, yaani 610 katika muhula ujao. Katika masomo madogo yote matano zimebaki pointi 30 tu za kuongeza, ilhali katika Hisabati peke yake zimebaki 116. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa heshima zote kama Michezo ya kuendesha baiskeli kwa kusimama inaweza kupewa maksima 50.