Anzeni Video na Mkono wa Koti, Msianze na Sheria

Kazi yangu ni kuandika miswada ya video fupi za mafunzo, na wateja wangu wengi ni viwanda vya hapa Dar es Salaam. Ombi huja karibu kwa maneno yaleyale: tutengenezee dakika nne za usalama, ndani yake uweke kuinua mizigo, kinga za mashine, na kutoa taarifa za ajali zilizokaribia kutokea. Wanataka sura tatu na muziki kidogo, meneja aseme neno mwanzoni.

Niliwahi kuandika hivyohivyo kwa kiwanda kimoja cha biskuti. Wiki sita baadaye nilirudi kuchukua picha nyingine nikaukuta mkanda uleule wa mashine tuliouonyesha kwenye video, kava lake la kinga limeegemezwa ukutani na boliti zimo kwenye kopo la rangi. Watu wote wa zamu ile walikuwa wameitazama video na kutia saini. Iliniuma sana. Tangu hapo siandiki mstari kabla sijakaa zamu nzima pale wanapofanyia kazi.

Zamu ya pili niliyokaa palepale ndiyo iliyonipa mswada. Kijana mmoja alikuwa akitoa viroba vya sukari vya kilo 25 kwenye paleti na kumimina kwenye pipa la kulishia mashine. Paleti ilisukumwa hadi ukutani ili kupata nafasi ya kupita, kwa hiyo viroba vya nyuma alivifikia kwa kujinyoosha juu ya vile vya mbele, mikono mbele kabisa na kiuno kimepinda. Upande wake wa kulia mkanda ulikuwa ukizunguka. Alipojivuta na kiroba cha tatu, mkono wa koti lake ukagusa pale mkanda unapoingia kwenye roli ya mwisho. Ukavutwa. Koti lilikuwa kuukuu, likachanika, naye akabaki ameshika bega. Akasema, "Mungu mkubwa," akaokota kiroba, akaendelea.

Mambo matatu ambayo mteja anayataka katika sura tatu yalitokea ndani ya sekunde kumi, kwa mtu mmoja. Kwa maoni yangu video nzima iwe sekunde hizo kumi, ikirudiwa mara tatu, kila mara tukitazama kitu kimoja.

Mara ya kwanza tunatazama mgongo. Video nyingi zinamwonyesha mtu anakunja magoti, mgongo umenyooka, basi. Mwaka 1968 au 2024, picha ni hiyohiyo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2008 haukupata ushahidi kwamba kuwafundisha watu namna ya kuinua, peke yake, kunazuia maumivu ya mgongo. Naliamini hilo kwa niliyoyaona: kijana yule angekunjaje magoti wakati paleti nzima iko kati yake na kiroba? Kinachomwumiza ni umbali. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya kuinua mizigo, inaanza na kilo 23 mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili na mambo mengine yote yakiwa mazuri. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako, kiwango hicho kinashuka nusu, kilo 11 na nusu. Kiroba chake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo kwenye mswada sisemi "kunja magoti". Naandika picha: watu wawili wanaivuta paleti kwa troli, hatua moja kutoka ukutani. Kijana anazunguka nyuma, anakumbatia kiroba kifuani, anageuka kwa miguu. Paleti tupu mbili zimewekwa chini ya ile yenye mzigo ili asianzie kuinua sakafuni. Maneno hayahitajiki hapo. Na kwa kuwa kilo 25 bado ni nyingi hata zikiwa kifuani, viroba vya tabaka la chini wanashika wawili.

Mara ya pili tunatazama kava. Hapa nawasihi wenzangu waache kuandika "usiondoe kinga ya mashine". Aliyeliondoa alikuwa na sababu: unga hugandia kwenye roli, lazima usafishwe kila usiku, na kava limefungwa kwa boliti nne zinazohitaji spana ambayo anayo fundi wa zamu peke yake. Mwezi wa kwanza hurudishwa boliti nne, kisha mbili, kisha kava linakaa ukutani. Mswada unaoficha sababu hiyo, wafanyakazi wanajua kwamba aliyeandika hajawahi kufika.

Onyesha usafi wenyewe, kwa mpangilio wake. Zima mashine. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli yako, ufunguo uingie mfukoni mwako na si kwa mwenzako. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli imekufa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayogundua kwamba umefunga swichi ya mashine ya jirani. Ndipo ufungue kava, usafishe, urudishe kava, na kufuli itoke mwisho. Kitufe chekundu cha dharura hakitoshi, kwa sababu yeyote anaweza kukiachia na kuiwasha mashine mkono wako ukiwa ndani.

Kisha picha moja ya karibu: kipande cha kitambaa kinaingizwa kwenye roli. Mkanda unaokwenda nusu mita kwa sekunde si wa kutisha ukiutazama. Lakini mtu huhitaji kama robo sekunde ili aanze tu kushtuka, na katika robo hiyo mkanda umeshavuta sentimita 12. Pima kwenye mkono wako: vidole vyote vimekwisha kuingia.

Mara ya tatu ndiyo ngumu. Neno lenyewe linatukwamisha. "Ajali iliyokaribia kutokea" ni neno la ofisini; kiwandani wanasema nusura, au nimeponea chupuchupu. Natumia nusura. Na baada ya nusura mtu humshukuru Mungu, kama inavyostahili, kisha habari inaishia hapo. Mswada wangu unambakiza na shukrani yake, halafu unampeleka kwa msimamizi.

Rasimu ya kwanza msimamizi alijibu, "Asante kwa kutoa taarifa, usalama kwanza." Nilipowasomea wafanyakazi wakati wa chai, walicheka. Mama mmoja wa kufungasha akaniambia, "Mwanangu, hapa ataulizwa: umeumia? Hujaumia? Basi rudi kwenye mkanda, gari linapakia saa nane." Nikaiandika sentensi yake neno kwa neno, iwe jibu la kwanza. Halafu tukio linarudiwa, na msimamizi anajibu hivi:

"Onyesha wapi. Simamisha mkanda. Kava litarudi kabla hatujawasha, na jina lako sitaliandika kama kosa."

Uongozi ulikataa maneno "simamisha mkanda". Walitaka "tutalifanyia kazi". Tulibishana siku mbili, nikawaambia kwamba kama sentensi hiyo haiwezi kusemwa na mwigizaji, haitasemwa na msimamizi wao saa tisa usiku, na mimi sitapiga picha. Walikubali. Wakakubali pia boliti zile nne zibadilishwe: kava sasa lina bawaba upande mmoja na kufuli upande wa pili, linafunguka kama mlango, na ukilifungua swichi ndogo inakata umeme. Hilo halikuwa kwenye ombi lao la dakika nne.

Picha ya mwisho ya video ni daftari la nusura lililotundikwa karibu na birika la chai: tarehe, mahali, kilichotokea, na safu ya nne, kilichofanyika na lini. Kamera inakaa kwenye safu hiyo ya nne sekunde tano, kimya.