Pelagra: kosa ni la mahindi au la upishi?

Hoja maarufu ni kwamba mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika bila mapishi yake. Wenyeji wa Meksiko waliyachemsha kwa chokaa na hawakuijua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, aina moja ya vitamini B, ilhali Uhispania, ambako daktari Gaspar Casal aliieleza mwaka 1735, wakulima maskini waliyala bila chokaa, wakababuka ngozi shingoni na mikononi, wakaharisha, wakarukwa na akili. Hoja hiyo ni ya kweli, ila imekatwa nusu.

Kwanza upande wake wenye nguvu. Gramu 100 za mahindi zina takriban miligramu 2 za niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzi za punje, na utumbo hauwezi kuifungua. Chokaa inaweza. Kilo moja ya punje huchemshwa polepole katika maji yenye gramu 10 hivi za chokaa iliyozimwa, kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha huachwa humo usiku kucha. Asubuhi ganda likibanduka kwa kusuguliwa na vidole, chokaa imefanya kazi. Punje huoshwa, husagwa zikiwa bado na majimaji. Ukiosha kupita kiasi, niasini iliyofunguliwa nayo inakwenda na maji.

Sasa tupige hesabu. Mtu anakula gramu 400 za mahindi kwa siku, na karibu hana kingine. Niasini yote ni miligramu 8, anayoipata labda 2 au 3. Mwili pia hutengeneza niasini kutokana na triptofani, asidi moja ya protini: miligramu 60 za triptofani hutoa 1 ya niasini. Mahindi yana triptofani chache mno, kwa hiyo hapo anaongeza kama 4. Jumla 6 au 7, na mtu mzima anahitaji 14 hadi 16. Kwa chokaa atafika 11 au 12. Amejitenga na ugonjwa, lakini bado hajatosheka.

Waliobuni chokaa walikula pia maharage, na wapenda chokaa hulisahau hilo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi. Karanga zilipokatika kwenye mgao huo, zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra. Mapishi hayakuwa yamebadilika. Kilichotoweka ni karanga, zenye niasini na triptofani kwa wingi.

Kwa hiyo mimi naanza na karanga na maharage, na chokaa naiweka ya pili. Lakini mahali ambapo mahindi ndiyo chakula pekee na karanga hazipatikani, nafasi hizo hubadilishana. Shida moja ya vitendo hubaki: njia ya chokaa ni ya punje nzima, na anayepokea unga uliokwisha kusagwa hana ganda la kuvua. Huyo msaada wake ni niasini inayochanganywa kinuni.