Kudibagi sheda kwa rangi: inapofaa na inapodanganya

“Kama RenderDoc ipo na ni ya bure, kwa nini watu bado wanadibagi sheda kwa kupaka rangi kwenye skrini?”

Kwa sababu bagi nyingi za sheda, zile programu ndogo zinazokokotoa rangi ndani ya chipu ya picha, ziko mahali ambapo dibaga haifiki. RenderDoc, dibaga ya michoro ya kompyuta, inakuwezesha kuchagua pikseli moja na kuipitia sheda yake mstari kwa mstari, lakini kwa muda mrefu huduma hiyo ilikuwa ya Direct3D 11 na 12 pamoja na Vulkan tu. Kwenye OpenGL uliona fremu, tekscha na bafa zako, ila ndani ya sheda yenyewe hukuingia. Anayeandika WebGL kwa ajili ya kivinjari cha simu ana hali ngumu zaidi. Sheda haina printi, na konsoli ya JavaScript haijui kinachoendelea ndani ya chipu ya picha. Kitu pekee kinachotoka humo ni rangi ya pikseli, yaani namba nne. Kwa hiyo anaichukua namba anayoitilia shaka, anaiandika mahali pa rangi, kisha anaisoma kwa macho.

Wanaoipinga njia hii wanaiona kama kubahatisha. Wana hoja nzuri nitakazozifikia, lakini kwanza tuangalie kesi moja ambayo dibaga ya kompyuta ingekupeleka kombo.

Chumba kimechorwa na msanifu majengo, na faili imetolewa kwa sentimita. Taa moja inaning'inia sentimita 200 juu ya sakafu, na kwa makusudi mwanga wake haupungui kwa umbali. Kwenye kompyuta chumba kizima kinapata mwanga bila mpaka mkali popote. Kwenye simu kuna duara la mwanga sakafuni chini ya taa, na nje ya duara hilo ni giza totoro, kwa mpaka mkali kama uliokatwa na mkasi. Sheda inaanza na `precision mediump float;`, na sehemu yake ya mwanga ni hii:

```glsl
vec3 d = taa - mahali;
float d2 = dot(d, d);
vec3 l = d / sqrt(d2);
float mwanga = max(dot(n, l), 0.0);
rangi = vec4(mwanga * rangiYaUso, 1.0);
```

Mshukiwa wa kwanza ni `n`, vekta inayoonyesha uso umeelekea wapi. Vijenzi vyake vinaanzia -1 hadi 1, na rangi haina namba hasi, kwa hiyo unavibana viingie kati ya 0 na 1:

```glsl
rangi = vec4(n * 0.5 + 0.5, 1.0);
```

Sakafu inatoka kijani hafifu, yaani 128, 255, 128, kama inavyotakiwa kwa uso unaotazama juu kwenye mhimili wa Y. Kuta nazo kila moja ina rangi yake, na rangi haibadiliki ukivuka mpaka wa giza. `n` ni nzima, tuiache.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa `l`. Ndani ya duara rangi zinapishana taratibu kadiri mwelekeo wa taa unavyobadilika. Nje ya duara sakafu yote ni kijivu, kijivu kile kile cha 128, 128, 128. Hapa ndipo njia hii inapoonyesha thamani yake. Vekta yenye urefu wa 1 haiwezi kutoa kijivu hicho. Angalau kijenzi chake kimoja lazima kiwe na ukubwa wa 0.577 au zaidi, na ukishakibana, chaneli hiyo itafika 201 au zaidi, ama itashuka hadi 54 au chini. Kijivu cha katikati kina maana moja tu: `l` imekuwa sifuri. Huhitaji kupima chochote, unaona eneo lote kwa mara moja, na unaona pia kwamba mpaka wa eneo hilo ni duara lenye taa katikati. Dibaga ya pikseli moja ingekupa namba sahihi kabisa ya nukta moja, lakini lile duara lingebaki limejificha.

Sifuri inatoka wapi? `d` yenyewe haiwezi kuwa sifuri mbali na taa, kwa hiyo anayebaki ni kigawanyo. Ukiitoa `d2` kama rangi moja kwa moja utapata weupe karibu kila mahali, kwa sababu kila kinachozidi 1 kinakatwa kuwa 1. Ukiigawa kwa 60000 utaona kijivu kikipanda kuelekea weupe, lakini weupe hautakuambia kama namba imefika 70000 au imekuwa isiyo na kikomo. Katika hali kama hii usiitishe thamani. Uliza swali la ndiyo au hapana:

```glsl
rangi = d2 * 0.001 > 1000.0
  ? vec4(1.0, 0.0, 0.0, 1.0)
  : vec4(0.0, 1.0, 0.0, 1.0);
```

Swali lenyewe ni kama `d2` inazidi milioni moja. Ndani ya chumba cha mita 6 kwa 4 kwa 3 hilo haliwezekani, kwa sababu hata kona mbili zinazotazamana zimeachana chini ya mita 8, na 800 kwa kipeo cha pili ni 640,000 tu. Kwenye kompyuta chumba kizima kinakuwa kijani. Kwenye simu, nje ya duara, ni chekundu.

Jibu liko kwenye `mediump`. Chipu nyingi za simu huitekeleza kwa namba za biti 16, ambazo ukubwa wake unaishia 65504. Kompyuta za mezani kwa kawaida hukokotoa kwa biti 32 hata ukiandika `mediump`. Mara umbali kutoka kwenye taa unapofika 256, kipeo chake cha pili ni 65536 na namba inafurika. Kipeuo chake cha pili, yaani `sqrt(d2)`, nacho kinakuwa kisicho na kikomo, `d` ikigawanywa kwa hicho inabaki sifuri, na mwanga unazimika. Unaweza kuhakikisha kwa rula ya modeli yenyewe. Taa iko 200 juu, na ukingo wa duara sakafuni unaangukia karibu 160 kutoka chini yake. 200 kwa kipeo cha pili ni 40,000, 160 ni 25,600, jumla 65,600. Huo ndio ule mpaka.

Tiba ni kutangaza `mahali`, `taa`, `d` na `d2` kuwa `highp`, au kuipunguza modeli iwe kwa mita kabla haijaingia kwenye sheda. Mimi ningechagua mita. `highp` inaondoa mfuriko, lakini kwenye chipu nyingi za simu hesabu za biti 16 zina kasi kuliko za biti 32 na hula betri kidogo kuliko hizo, na hakuna sababu ya kulipa gharama hiyo kwa ajili ya faili iliyotolewa kwa kipimo kisichofaa.

Angalia jinsi mambo yalivyoenda. Bagi ipo kwenye simu tu. Hata ukihamishia mradi wote kwenye Vulkan ya kompyuta ili upate dibaga, utapitia mistari yote mitano na kila thamani itakuwa sahihi, kwa sababu pale namba hazifuriki. Rangi ilisema ukweli kwa kuwa ilitoka kwenye chipu ile ile yenye ugonjwa.

Haya, sasa upande wa pili, ambao si mdogo.

Rangi unayoiona si lazima iwe namba uliyoiandika. Ukiandika 0.5 kwenye bafa ya sRGB, kipima rangi kitakusomea 188, si 128. Injini nyingi huongeza ubadilishaji huo zenyewe, kisha zinaweka ukungu, marekebisho ya mng'ao na mchanganyiko wa uwazi. Ule kijivu tuliosomea maana yake ungegeuka kijivu kingine, na hoja yote ya 201 na 54 ingevunjika. Kabla ya kuamini chochote toa 0.5 tupu kwenye kila chaneli, piga picha ya skrini, ihifadhi kama PNG, usome namba. Ikiwa si 128 au jirani yake, kuna kitu kinaipaka rangi yako baada yako, na inabidi ukizime kwanza. Hata pakiwa safi, una ngazi 256 tu kwa chaneli. Kosa la sehemu moja ya elfu halionekani mpaka uikuze tofauti kwa makusudi, na kila kinachopungua sifuri ni cheusi tii, kiwe -0.01 au -3.

Pili, pasipo na pikseli hapana rangi. Sheda ya veteksi ikitoa mahali ambapo si namba halali, pembetatu inapotea na hubaki na pa kupaka. Hapo ningefungua RenderDoc bila kusita, kwa sababu inaonyesha veteksi zilivyoingia na zilivyotoka. Hata pale pikseli ipo, mnyororo wa mistari mia mbili wenye vitanzi haufai kuulizwa swali moja moja. Kila swali ni kuhariri, kukompaili na kupakia upya, na kwenye simu hilo linachosha haraka.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya kompaila. Ukiitoa `n` kama rangi, hakuna tena anayehitaji `d`, `d2` wala `l`, kwa hiyo kompaila inavifuta. Sheda unayoichunguza si ile yenye bagi. Yunifomu `taa` nayo inafutwa, `getUniformLocation` inarudisha `null`, na WebGL inapokea `null` hiyo kimya kimya. Kwenye kesi yetu haikuleta madhara kwa sababu mfuriko ulikuwa kwenye mstari ule ule tuliouuliza. Bagi inayotokana na jinsi kompaila ilivyopanga msimbo mzima inaweza kutoweka mara tu unapoigusa, ukadhani umeitibu.

Kinga yake ipo, ingawa ina gharama. Usifute mstari wa mwisho wala usiweke `return` ya mapema. Acha hesabu yote ikamilike, kisha chagua cha kuonyesha kwa yunifomu:

```glsl
uniform int hali;
// ... hesabu yote ...
if (hali == 1) rangi = vec4(n * 0.5 + 0.5, 1.0);
else if (hali == 2) rangi = vec4(l * 0.5 + 0.5, 1.0);
```

Kompaila haijui `hali` itakuwa ngapi, kwa hiyo haiwezi kutupa kitu, na unabadilisha swali kwa kitufe bila kukompaili upya. Kwa upande mwingine thamani zinakaa hai muda mrefu zaidi na sheda inakuwa nzito kidogo, hivyo usipime kasi ukiwa nayo. Kabla ya kutoa toleo la watumiaji uizungushie `#ifdef`, kisha ulijaribu tena toleo hilo kwenye simu ile ile, kwa sababu msimbo umebadilika kwa mara nyingine.