Kidonge cha kutoa maji peke yake kinatosha moyo ulioshindwa?

"Nina tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Kidonge cha kutoa maji kinanipa nafuu siku hiyohiyo. Hivi viwili vingine, kizuia-ACE kinanikohoza na kizuia-beta kinanichosha. Kwa nini nisibaki na hicho kimoja kinachonisaidia?"

Hoja hii ina nguvu kuliko wahudumu wengi wa afya wanavyokubali. Furosemidi, ambayo ndiyo dawa ya kutoa maji inayotumika zaidi, humezwa asubuhi na ndani ya saa moja mgonjwa anaanza kwenda haja ndogo. Saa sita hivi baadaye kazi yake imekwisha. Haigusi moyo wenyewe. Inafanya kazi kwenye figo, ambako huzuia chumvi isirudi kwenye damu, na chumvi ikitoka, maji huifuata. Mtu aliyekuwa analala ameketi kwa kuishiwa pumzi anaweza kurudi kwenye mto mmoja, na viatu vilivyokuwa haviingii vinaingia tena. Hakuna dawa kati ya zile mbili nyingine inayoweza kufanya hivyo kwa siku moja au mbili, na mgonjwa aliyejaa maji lazima aipate furosemidi.

Tatizo ni jinsi mwili unavyojibu. Figo hazijui kwamba maji yametolewa makusudi. Zikihisi damu imepungua, hutoa renini, na renini huanzisha mfululizo unaoishia kwenye homoni ya angiotensini ya pili. Homoni hii hubana mishipa, kisha huamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, ambayo hurudisha chumvi ileile iliyokuwa imetolewa. Wakati huohuo neva za mfumo wa simpathetiki, zinazouandaa mwili kukabili hatari, humwaga noradrenalini, ndugu ya adrenalini, moyo ukaenda mbio.

Hali hiyo haianzi na furosemidi. Moyo dhaifu ukisukuma damu kidogo, mwili huchukulia kama mtu anayevuja damu, na hujihami vivyo hivyo. Kwa majeruhi, kujihami huko kwa saa chache kunaokoa maisha. Kukiendelea miezi na miaka, seli za misuli ya moyo zinakufa, makovu yanachukua nafasi yake, na chemba ya kushoto inazidi kutanuka na kulegea. Kwa hiyo furosemidi ikitumika peke yake huondoa maji huku ikichochea kidogo kilekile kinachouharibu moyo. Mgonjwa hawezi kulihisi hilo, kwa sababu anapumua vizuri.

Hapo ndipo vizuia-ACE vinapoingia: enalaprili, lisinoprili, ramiprili na wenzao. Huzuia ACE, kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili. Mishipa ikilegea, moyo unasukuma damu dhidi ya upinzani mdogo zaidi, aldosteroni inashuka, na kule kutanuka kwa chemba kunapungua kasi. Mwaka 1987 utafiti wa CONSENSUS, uliofanyika katika nchi za Nordiki, ulichukua wagonjwa 253 wenye moyo ulioshindwa vibaya sana. Karibu wote walikuwa tayari wanatumia dawa za kutoa maji. Baada ya miezi sita, asilimia 44 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamefariki, na asilimia 26 ya waliopewa enalaprili. Kwa maneno mengine, hilo kundi la kwanza ndilo jibu la swali la kubaki na dawa ya maji, japo kwa wagonjwa mahututi.

Kikohozi nacho hakizuliwi. Kimeng'enya hichohicho huvunja kemikali iitwayo bradikinini, na kikizuiwa, bradikinini hurundikana na kuwasha koo. Ila si kila kikohozi ni cha kidonge. Cha kidonge huwa kikavu, cha kuwasha, mchana na usiku. Kinachozidi ukilala chali na kutulia ukiketi kina uwezekano mkubwa wa kuwa maji kwenye mapafu, na huyo anahitaji dawa zaidi, si pungufu. Ikithibitika ni kidonge, mgonjwa huhamishiwa losartani, valsartani au kandesartani, zinazoifunga njia hiyohiyo mbele kidogo bila kugusa bradikinini. Jambo lisilovumilika hata mara moja ni midomo, ulimi au uso kuvimba: dawa inaachwa palepale, mgonjwa anakimbizwa hospitali, na hapewi tena dawa ya kundi hilo.

Upande wa vizuia-beta, anayelalamika kuchoka ana historia nzima ya udaktari nyuma yake. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba moyo dhaifu usipewe dawa inayopunguza nguvu za pigo. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake mjini Gothenburg, Uswidi, walichapisha taarifa ya wagonjwa saba tu waliopata nafuu kwa dawa hizi, na wengi hawakuamini. Ilichukua karibu robo karne. Mwaka 1999 tafiti mbili kubwa, CIBIS-II kwa bisoprololi na MERIT-HF kwa metoprololi ya kuachiliwa polepole, zote zilionyesha vifo kupungua kwa takriban theluthi moja, tena kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa tayari wanatumia vizuia-ACE na dawa za maji. Karvediloli nayo ilionyesha vifo kupungua.

Wasiwasi wa wazee wetu wa tiba haukuwa wa kijinga, walitazama wiki za mwanzo tu. Kizuia-beta huukinga moyo dhidi ya noradrenalini, na katika siku za kwanza moyo uliozoea kuendeshwa na homoni hiyo hupungukiwa. Mgonjwa anachoka, uzito unaweza kupanda. Faida inakuja baada ya miezi: mapigo yanapungua, moyo unapata muda wa kujaa kati ya pigo na pigo, na chemba iliyotanuka inaanza kurudi. Ndiyo maana hakianzishwi kwa mtu ambaye bado amejaa maji. Na si kizuia-beta chochote tu. Atenololi, ambayo wengi wanaijua kwa presha, haina ushahidi wa namna hii katika moyo ulioshindwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanamke wa miaka 61 anaanza matibabu akiwa na kilo 72, miguu imevimba, mapigo 98 kwa dakika, presha 122 kwa 76. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha chemba ya kushoto inasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo kila pigo, ilhali kwa kawaida ni kama 55 na kuendelea. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, ni mikromoli 90 kwa lita. Anapewa furosemidi miligramu 40 asubuhi, na enalaprili 2.5 mara mbili kwa siku. Siku kumi baadaye ana kilo 67, miguu imenywea, ila kreatinini imepanda hadi 112.

Hapa wengi hukosea wakaiondoa enalaprili. Kreatinini imepanda kwa robo hivi, na kupanda huko kunatarajiwa, kwani dawa imeshusha shinikizo ndani ya vichujio vya figo. Miongozo huvumilia mpaka nusu ya kiwango cha mwanzo, ili mradi potasiamu isipite 5.5. Kinachotakiwa ni kurudia kipimo baada ya wiki moja au mbili.

Sasa akiwa mkavu, anaongezwa bisoprololi miligramu 1.25. Wiki moja baadaye anarudi amechoka, ana kilo 69, vifundo vya miguu vimejaa kidogo. Akiwa na dawa moja tu mkononi, daktari angelazimika kuikatisha bisoprololi. Kwa kuwa zipo tatu, anaongeza furosemidi hadi 80 kwa siku chache, uzito unarudi 67, na bisoprololi inabaki. Kisha dozi zinapandishwa taratibu, si chini ya wiki mbili kati ya hatua na hatua.

Miezi minne ikipita yuko kwenye bisoprololi 5 na enalaprili 10 mara mbili, mapigo 64. Siku moja anapata kizunguzungu akisimama. Presha ni 94 kwa 60, uzito kilo 65, hakuna uvimbe popote. Dawa ya kupunguza kwanza ni furosemidi, kwa sababu uzito unasema amekaushwa kupita kiasi. Inashushwa hadi 20, kizunguzungu kinaondoka.

Ukiutazama mfano huo, utaona dawa hizi zinavyofidiana. Dawa ya maji humvusha mgonjwa kipindi kigumu cha kizuia-beta. Kizuia-ACE hukata lile jibu la figo dhidi ya dawa ya maji, na kizuia-beta nacho husaidia, maana neva za simpathetiki ni mojawapo ya vinavyoamrisha renini itoke. Hata potasiamu: furosemidi huishusha, enalaprili huipandisha.

Muungano huo una hatari zake pia. Mtu anayetapika au kuhara huku anameza furosemidi na enalaprili anaweza kuziumiza figo ndani ya siku mbili, kwa hiyo hizo mbili husimamishwa kwa muda kwa ushauri wa daktari, lakini kizuia-beta hakikatwi ghafla. Ibuprofeni au diklofenaki ya maumivu ya mgongo, juu ya hizo mbili, huziumiza figo vilevile na hurudisha maji mwilini. Vizuia-ACE havifai katika ujauzito. Mwenye pumu kali au mapigo ya chini sana huenda asipate kizuia-beta kabisa.

Kuna pia kundi ambalo muulizaji yuko karibu na ukweli. Takwimu za CIBIS-II na MERIT-HF hapo juu ni za wenye msukumo wa asilimia 40 kushuka chini. Wapo wenye moyo mgumu usiojaa vizuri lakini unaosukuma kwa asilimia ya kawaida, na kwao, kati ya makundi haya matatu, la kutoa maji ndilo lenye faida iliyo wazi zaidi. Bila kujua kipimo cha eko, mjadala huu hauna pa kuanzia. Siku hizi zimeongezeka spironolaktoni na dapagliflozini, na sakubitrili-valsartani huchukua mara nyingi nafasi ya kizuia-ACE. Hizo zinahitaji makala yake.

Na mgonjwa akipona? Utafiti wa TRED-HF uliwachukua watu 51 ambao misuli ya moyo wao ilikuwa imetanuka, kisha vipimo vikarudi sawa na hawana dalili zozote. Nusu wakapunguziwa dawa hatua kwa hatua mpaka zikaisha. Ndani ya miezi sita, asilimia 44 ya hao walirudiwa na ugonjwa, na walioendelea na dawa hakuna aliyerudiwa katika kipindi hicho. Utafiti mwingine wa Brazili, ReBIC-1, uliwajaribu wagonjwa waliotulia kwa kuwaondolea furosemidi ya dozi ndogo huku wakibaki na dawa nyingine, na wengi walivumilia bila dalili kuongezeka. Kwa hiyo aliyetulia akitaka kupunguza vidonge, mazungumzo na daktari wake yaanze na kile cha kutoa maji, akipima uzito kila asubuhi, na arudi kliniki ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu.