Krediti noti inashughulikiwa

Asubuhi hata chai sijaimaliza, ujumbe unaingia kutoka kwa kijana wa mauzo wa wale wanaoniletea marumaru: "Habari bosi, ile krediti noti inashughulikiwa 🙏". Karatasi yao ya kunipunguzia deni la maboksi yaliyorudi, inashughulikiwa na nani? Mwezi uliopita ilikuwa inashughulikiwa, kisha mhasibu akasafiri, kisha mfumo ukagoma, sasa tumerudi kwenye kushughulikiwa, safari hii na mikono ya maombi juu.

Mzigo wenyewe ulikuwa hivi. Maboksi 120, kila moja Sh 32,000 kabla ya VAT. Yanashushwa, 18 yanalia ndani kama kayamba. Dereva wao mwenyewe akaandika kwenye dilivari noti "18 zimevunjika", akasaini, akaondoka na maboksi yake. Nikajua sasa nadaiwa 102 tu.

Wapi. Juzi akaja kijana wa madeni, shati limenyooka, stetimenti mkononi.

"Shikamoo mzee. Tunakudai Sh 4,531,200."

"Marahaba. Mnanidai Sh 3,851,520. Keti."

Nikamtolea dilivari noti. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaipiga picha. "Nimeiona mzee, lakini kwenye mfumo haipo."

"Boksi zimo kwenye bohari yenu, mwanangu."

"Zimo, ila kwenye mfumo bado ziko kwako."

Nikageuka kuangalia ukutani nihakikishe. Wateja wawili kwenye benchi wakageuka nao. Mmoja akauliza kama hizo zisizoonekana zina bei ya punguzo.

Kijana akashusha sauti, akaleta suluhisho: "Mzee lipa zote, mzigo ujao tutakupunguzia hiyo laki sita." Kwanza si laki sita. Maboksi 18 ni Sh 576,000, VAT ya asilimia 18 ni Sh 103,680, jumla Sh 679,680. Pili, "tutakupunguzia" haina namba. Ankara ya zamani inabaki wazi kwa deni lote, limiti yangu ya mkopo inabaki imejaa, na mzigo ujao wenyewe hautatoka kwa sababu nina deni. Halafu TRA: risiti ya EFD inasema nimenunua 120, nami nadai VAT ya 120 wakati ndani nina 102. Bila krediti noti inayoitaja ankara ile, nitayarekebisha hayo kwa karatasi ipi? Picha yake ya dilivari noti?

Basi leo nikaamua kumjibu huyu wa mikono ya maombi. Nikaanza kwa heshima, "Ndugu yangu katika biashara". Kufika mstari wa pili nimeshataja ukoo wao. Nikafuta. Ujumbe wa hasira wanausambaza ofisini wakicheka, na kesho kila mtu anaijua hasira yako, hakuna anayeijua namba ya ankara. Nikahamia barua pepe, mhasibu wao nikamweka kwenye nakala, kwa sababu kijana wa mauzo hatoi krediti noti hata ukimfunga kamba. Kichwa cha habari nikakijaza kila kitu, maana huko mbele hawasomi:

"INV-2217: krediti noti ya Sh 679,680, naomba kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa 14 Novemba"

Ndani nikaandika:

"Rejea ahadi yenu ya tarehe 20 Oktoba ya kutoa krediti noti ndani ya siku saba. Hadi leo haijafika. Ni ya maboksi 18 yaliyovunjika na kurudishwa na dereva wenu, DN-0948, nakala imeambatishwa. Kiasi: Sh 576,000, VAT Sh 103,680, jumla Sh 679,680. Naomba itaje INV-2217, pamoja na stetimenti mpya yenye salio la Sh 3,851,520, ifikapo saa 10 jioni, Ijumaa 14 Novemba. Salio hilo halina ubishi na nitalilipa kwa tarehe yake. Sh 679,680 nazizuia hadi krediti noti ifike."

Hakuna "kwa haraka iwezekanavyo" hapo. Haraka ya ofisi ile naijua, inatembea kwa mkongojo. Ijumaa ni Ijumaa, na saa 10 mhasibu bado yupo mezani.

Nikatuma. Nikanyoosha mgongo, nikajiona mkurugenzi. Kabla sijavaa miwani vizuri, jibu limeingia:

"Sawa bosi. Ni ankara namba ngapi?"

Iko kwenye kichwa cha habari! Na ndani! Nimeiandika mara mbili, ningeweza kuichonga kwenye boksi la marumaru nimpelekee, lakini nalo lingevunjika njiani. Nikamjibu neno moja: "INV-2217." Akarudisha mikono ya maombi.

Sasa mama wa duka la pili anapita, anauliza kama nina chenji ya elfu kumi. Chenji! Nchi hii kila mtu ana elfu kumi asubuhi, na kila mmoja anaamini mimi nimelala na mia tano tano chini ya mto. Jana konda naye kanirudishia pipi mbili badala ya mia mbili, nikamuuliza nami kesho nipande kwa pipi?