Kurasa nyingi kwa ziara si dalili ya kampeni bora

Tuchukue mfano wa muuzaji wa miche ya zabibu wa Hombolo, Dodoma, mwenye tovuti ndogo na kampeni mbili. Tangazo la Facebook linampeleka mteja ukurasa wa mwanzo, na bei ataitafuta mwenyewe. Linki ya Instagram inampeleka moja kwa moja kwenye bei, na kitufe cha WhatsApp kipo juu kabisa. Kila kampeni imeleta ziara 200. Facebook ina kurasa 2.6 kwa ziara, na asilimia 64 ya ziara zina ushiriki. Instagram ina kurasa 1.2 na asilimia 41. Lakini waliobofya kitufe ni 6 kutoka Facebook na 20 kutoka Instagram.

Chanzo kipo kwenye kanuni yenyewe. Google Analytics 4, zana ya Google ya kupima ziara za tovuti, huihesabu ziara kuwa yenye ushiriki ikizidi sekunde 10, ikiwa na kurasa mbili au zaidi, au ikiwa na tukio ulilolitaja kuwa muhimu. Wageni wa Facebook walilazimika kufungua ukurasa wa pili ili waione bei, na usumbufu huo ukahesabiwa kuwa ushiriki. Kuskroli nako kunapotosha hapa: tukio la `scroll` hurekodiwa mtu anapofika asilimia 90 ya ukurasa, na aliyebofya kitufe cha juu hana sababu ya kushuka huko.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka vipimo hivi vitupwe. Muuzaji mdogo anaweza kupata mibofyo 2 huku na 4 kule, tofauti ambayo ni ya bahati tu. Ziara zenye ushiriki ni nyingi zaidi, kwa hiyo husema mapema. Zinafaa hasa kufichua matangazo yanayotokea ndani ya programu nyingine za simu, ambako watu hugusa kwa bahati mbaya na kuondoka: ziara 200, ushiriki asilimia 5. Pesa ya tangazo hilo ningeisimamisha bila kungoja oda.

Sharti langu ni moja, na silegezi: kampeni zinazolinganishwa zifikie ukurasa uleule, kila linki ikiwa na `utm_campaign` yake, alama ya kwenye linki inayotaja kampeni. Linki isiyo na alama hiyo ikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi ziara zake huangukia `Direct`, fungu la ziara zisizojulikana zilikotoka, na kampeni inakosa haki yake. Kisha tengeneza tukio kutoka `click` pale `link_domain` inapokuwa `wa.me`, ulitaje kuwa muhimu. Sekunde 10 nazo ni chache kwa ukurasa wa kusoma. Mpangilio unaruhusu hadi 60, na mimi ningeanza na 30.

Kubofya WhatsApp bado si oda. Anayejibu simu amuulize mteja alikoliona tangazo na aandike jibu kando ya idadi ya miche iliyolipiwa, kwa sababu tovuti haiwezi kuona malipo yanayofanyika nje yake.